Kukifumua kifungu cha matengenezo bila kudondosha wajibu hata mmoja

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuja na mkataba wa chumba na sebule aliyopata kupitia dalali. Kodi ni shilingi 200,000 kwa mwezi, inalipwa kwa miezi sita, na kuna dipoziti. Vifungu vingi alivielewa. Kilichomshinda ni cha saba, kwa sababu ni sentensi moja tu, lakini imejaa ukurasa karibu robo. Dalali alikuwa ameshamtafsiria: "Vitu vidogo utatengeneza wewe, vikubwa baba mwenye nyumba. Akichelewa, unatengeneza unakata kwenye kodi." Maneno matamu, na karibu yote si yale yaliyoandikwa.

Kifungu chenyewe hiki hapa, neno kwa neno:

> 7. Mpangaji, kwa gharama zake mwenyewe, atafanya matengenezo yote madogo ya ndani ya nyumba yenye thamani isiyozidi shilingi 50,000 kwa kila tukio, ikiwa ni pamoja na vitasa, bomba na taa, isipokuwa matengenezo yanayotokana na uchakavu wa kawaida au kasoro ya ujenzi, ambayo yatafanywa na Mwenye Nyumba ndani ya siku 14 tangu kupokea taarifa ya maandishi kutoka kwa Mpangaji, ilimradi Mpangaji awe ametoa taarifa hiyo ndani ya siku 3 tangu alipogundua au alipopaswa kugundua uharibifu husika, na endapo Mwenye Nyumba atashindwa kufanya hivyo Mpangaji anaweza kufanya matengenezo hayo na kukata gharama halisi, zitakazothibitishwa kwa risiti, kutoka katika kodi inayofuata, kwa kiwango kisichozidi nusu ya kodi ya mwezi mmoja, bila kuathiri haki ya Mwenye Nyumba ya kukata katika amana gharama za uharibifu uliosababishwa na Mpangaji, familia yake au wageni wake.

Anayetaka kuandika haya kwa lugha ya kawaida huanza kwa kufupisha, na hapo ndipo anapoharibu. Sentensi hii si ngumu kwa sababu ya maneno yake. "Kitasa", "risiti" na "kodi" kila mtu anayajua. Ugumu wake ni kwamba mambo sita yamefungwa kwa kamba moja, na mafundo ya kamba hiyo ni maneno madogo: isipokuwa, ambayo, ilimradi, endapo, anaweza, bila kuathiri. Ukifupisha, mafundo ndiyo yanayokuwa ya kwanza kutupwa, kwa kuwa yanaonekana kama mapambo ya wanasheria.

Kwa hiyo mimi huanza na penseli. Napiga mstari mbele ya kila fundo, sentensi inakatika vipande, kisha kwa kila kipande najiuliza: nani, afanye nini, kufikia lini, kwa sharti gani, na asipofanya inakuwaje. Swali la mwisho mara nyingi halina jibu, na kukosekana kwa jibu ni jambo la kuandika pembeni, si la kujaza kwa busara yako mwenyewe.

Kipande cha kwanza kinaishia kwenye "taa". Kina majukumu mawili ndani yake, na wengi huona moja: mpangaji anafanya kazi, na mpangaji analipa. Ukiandika tu "mpangaji atatengeneza vitu vidogo", umemwachia mtu nafasi ya kuita fundi kisha kumpelekea mwenye nyumba bili. Halafu kuna "kwa kila tukio". Maneno matatu, lakini yana pesa: kitasa cha 40,000 mwezi huu na bomba la 45,000 mwezi ujao havijumlishwi. Kila kimoja kiko chini ya 50,000, kila kimoja ni cha mpangaji. Bila maneno hayo mtu angeweza kudai kwamba 50,000 ni jumla ya mwaka.

Na kuna "ikiwa ni pamoja na". Hapa mkono huteleza sana. Mfumuaji huandika "vitu vidogo, yaani vitasa, bomba na taa", na kwa neno "yaani" anaifunga orodha ambayo kifungu kiliiacha wazi. Kioo cha dirisha kilichopasuka hakimo kwenye orodha, lakini kimo kwenye kifungu. Tafsiri sahihi ni "vitasa, bomba na taa vimo, lakini si hivyo tu".

Kipande cha pili kinaanzia kwenye "isipokuwa", na hapo Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuliko tunavyokishukuru. "Isipokuwa matengenezo yanayotokana na uchakavu wa kawaida au kasoro ya ujenzi, ambayo yatafanywa na Mwenye Nyumba." Je, mwenye nyumba anafanya yapi: yale ya kasoro ya ujenzi peke yake, au ya uchakavu pia? Neno "ambayo" halitoi jibu, maana linakubaliana na kasoro na pia na matengenezo. Kitenzi ndicho kinachoamua. Kama ni kasoro, ingekuwa "itafanywa". Imeandikwa "yatafanywa", basi ni matengenezo, na matengenezo hayo yana vyanzo viwili. Vyote viwili ni vya mwenye nyumba. Upatanisho wa ngeli ni shahidi mzuri kwenye mikataba, ila umsikilize kabla hujaanza kubadili maneno. Ukishaandika upya, ushahidi umepotea.

Shahidi huyo ana mipaka yake. Angalia juu zaidi: "matengenezo yote madogo ya ndani ya nyumba yenye thamani isiyozidi shilingi 50,000". "Yenye" inaweza kuwa ya matengenezo na inaweza kuwa ya nyumba. Kisarufi mtu angesoma kwamba ni nyumba ya shilingi hamsini elfu. Akili inatuokoa hapo. Na pale ambapo wahusika wote wawili ni watu, ngeli haisaidii kitu: "atalipa", "yake", "wake" vinamfaa mpangaji na vinamfaa mwenye nyumba sawasawa, na Kiswahili hakina hata tofauti ya kiume na kike ya kutuokoa. "Familia yake au wageni wake" mwishoni mwa kifungu ni ya nani? Kwa mpangilio ni ya mpangaji. Lakini katika toleo la lugha nyepesi sitaacha "yake" hata moja inayoweza kuyumba. Nitarudia jina. Mwalimu wa insha angenikata alama kwa kurudiarudia; kwenye mkataba kurudia ndiyo usalama.

"Uchakavu wa kawaida" usiliguse. Ni kishawishi kikubwa kuandika "vitu vilivyozeeka", lakini si sawa. Rangi iliyofifia kwa jua na bawaba iliyolegea kwa kufunguliwa kila siku ni uchakavu wa kawaida, hata kama nyumba ina miaka miwili. Mlango mkuukuu uliovunjwa na watoto kwa kuuning'inia si uchakavu wa kawaida, japo umezeeka. Kinachopima ni matumizi, si umri. Weka neno kama lilivyo na uongeze mfano mmoja ulioutaja wazi kuwa mfano.

Sasa "ilimradi". Mtaani tunasema "ilimradi liende", tukimaanisha vyovyote vile, usijali sana. Kwenye mkataba maana yake imegeuka juu chini: ni kufuli. Yale yaliyotangulia hayafunguki mpaka hili litimie. Kwa kijana wetu maana yake ni kwamba wajibu wa mwenye nyumba wa siku 14 unategemea kama mpangaji aliandika taarifa ndani ya siku 3. Dalali hakuitaja hata kidogo, na ndiyo nusu ya kifungu. Tena siku 3 zenyewe hazianzi tu alipouona uharibifu, bali pia "alipopaswa kugundua". Maji yanayodondoka chini ya sinki anayoitumia kila asubuhi yatamhukumu hata akisema hakuyaona. Wanaorahisisha hukiacha kipande hiki kwa sababu kinasikika kama marudio. Si marudio, ni saa ya pili inayohesabu, na inaweza kuwa imeanza kabla ya ile ya kwanza.

Kumbuka pia kwamba saa za wawili hawa hazianzi mahali pamoja. Mpangaji anahesabiwa siku ya kutoa taarifa. Mwenye nyumba anahesabiwa tangu kupokea. Barua ikikaa siku tano kwa mpwa wake, mpangaji amewahi, na mwenye nyumba bado hajaanza kuchelewa. Ukiandika "siku 14 baada ya taarifa", umezifanya saa mbili kuwa moja, na umempunguzia mwenye nyumba muda aliopewa na mkataba.

"Endapo atashindwa kufanya hivyo, Mpangaji anaweza." Hivyo vipi? Kufanya matengenezo ndani ya siku 14, baada ya taarifa ya maandishi iliyotolewa kwa wakati. Neno "hivyo" limebeba kila kitu kilichotangulia, basi toleo jepesi lazima likitaje tena. Na "anaweza" ni hiari. Tofauti kati ya "atafanya" na "anaweza kufanya" inapaswa kusikika. Katika mazungumzo "atafanya" ni utabiri tu, kama "kesho itanyesha". Katika mkataba ni amri. Ndiyo maana katika kuandika upya huwa naiacha "-ta-" na kusema "ni kazi ya", "lazima", au "anaruhusiwa, halazimiki".

Hiari hiyo ina vizuizi vitatu vilivyojificha: gharama halisi, risiti, na dari ya nusu ya kodi ya mwezi mmoja. "Gharama halisi" inamzuia mpangaji aliye fundi asijilipe ujira wa jasho lake. Risiti inamzuia kutaja bei kwa mdomo. Na dari inahusu kiasi cha kukata, siyo kiasi cha kutengeneza: anaruhusiwa kutengeneza kwa laki tatu akitaka, ila hakati zaidi ya laki moja.

"Bila kuathiri" hufasiriwa na wengi kama "pia". Hapana. Halimpi mwenye nyumba haki mpya. Linasema kwamba haki aliyonayo haiguswi na yote yaliyosemwa juu. Tafsiri yangu ni "haya yote hayaondoi haki ya...". Mtu akiandika "mwenye nyumba atakata kwenye dipoziti", ameigeuza haki kuwa kitendo cha lazima, na huenda amebadili yale yaliyoandikwa kwenye kifungu cha dipoziti chenyewe.

Basi, baada ya penseli, hili ndilo toleo nililomwandikia:

> Matengenezo yote madogo ya ndani ya nyumba ni kazi ya mpangaji, na mpangaji ndiye anayeyalipia. Madogo ni yale yasiyozidi shilingi 50,000 kwa kila tukio. Vitasa, bomba na taa vimo, lakini si hivyo tu.
>
> Matengenezo yanayotokana na uchakavu wa kawaida au kasoro ya ujenzi si kazi ya mpangaji. Ni kazi ya mwenye nyumba.
>
> Ili mwenye nyumba abanwe na kazi hiyo, mpangaji lazima atoe taarifa ya maandishi ndani ya siku 3 tangu mpangaji alipougundua uharibifu au tangu mpangaji alipopaswa kuugundua. Mwenye nyumba akishaipokea taarifa hiyo, lazima ayafanye matengenezo ndani ya siku 14 tangu siku ya kuipokea.
>
> Mpangaji akiwa ametoa taarifa kwa wakati, na siku 14 zikapita mwenye nyumba hajafanya matengenezo, mpangaji anaruhusiwa, halazimiki, kuyafanya na kukata gharama kwenye kodi inayofuata. Mpangaji anakata gharama halisi tu, zilizothibitishwa kwa risiti, na hakati zaidi ya nusu ya kodi ya mwezi mmoja.
>
> Haya yote hayaondoi haki ya mwenye nyumba ya kukata katika dipoziti gharama za uharibifu uliosababishwa na mpangaji, familia ya mpangaji au wageni wa mpangaji.

Ni refu kuliko la asili, na sioni aibu. Wepesi wa lugha hupimwa kwa mara ngapi msomaji analazimika kurudi nyuma, siyo kwa idadi ya maneno. "Amana" nimeiita dipoziti kwa sababu ndivyo wenyewe wanavyoiita, na nimehakikisha kwamba hakuna kifungu kingine cha mkataba ule kinachotumia "amana" kwa maana tofauti. Kingekuwapo, ningeliacha neno lao.

Ukaguzi hufanywa kinyumenyume. Unachukua toleo jepesi, na kwa kila neno lenye uzito unakata neno lake kwenye asili kwa kalamu nyekundu. Neno la asili lililobaki bila kukatwa ni wajibu uliodondoka. Neno la toleo jepesi lisilo na mwenzake ni wajibu ulioongezwa, na hilo ni kosa lilelile. Kwangu lilibaki "husika", ambalo halina kazi kwa kuwa uharibifu ni ule ule, na "halazimiki", ambalo nimeliongeza kwa makusudi kuilinda maana ya "anaweza". Mengine yalikatika yote.

Njia nyingine ya kukagua ni kulipitishia tukio. Tulifanya hivi na kijana. Tuseme bomba ndani ya ukuta limeoza kwa kutu, yaani uchakavu, na ameona unyevu ukutani tarehe 3 Machi. Taarifa ya maandishi lazima iwe imetolewa kufikia tarehe 6, tukihesabu kuanzia kesho yake; mkataba hausemi kama siku yenyewe inahesabiwa, basi salama zaidi ni tarehe 5. Anaandika, anaikabidhi tarehe 5, mwenye nyumba anatia sahihi ya kupokea. Siku 14 zinaisha tarehe 19. Inafika tarehe 20, ukuta bado unalia. Anaita fundi, bomba, saruji na ufundi vinakuwa shilingi 130,000, risiti anazo. Kwa kifungu hiki anakata 100,000, ambayo ni nusu ya 200,000.

"Na ile thelathini?" akauliza.

Haina pa kwenda. Kifungu hakisemi kwamba inahamia kodi ya baadaye, wala hakisemi kwamba imekufa. Na si hilo tu. Kodi yake inalipwa miezi sita kwa mkupuo; kama alilipa Januari, "kodi inayofuata" ni ya Julai. Pesa yake itakaa ukutani miezi mitatu na zaidi.

Kisha likafichuka pengo kubwa kuliko yote, ambalo kwenye sentensi ndefu lilikuwa limefunikwa vizuri. Sinki imepasuka, si kwa uchakavu, si kwa kasoro ya ujenzi, wala si kwa mkono wa mtu wa nyumba hiyo, na kuibadilisha ni shilingi 120,000. Si ndogo, kwa hiyo si ya mpangaji. Haitokani na uchakavu wala kasoro, kwa hiyo si ya mwenye nyumba. Kwa kifungu cha saba sinki hiyo haina mwenyewe. Dalali aliisema "vikubwa baba mwenye nyumba" kana kwamba imeandikwa. Haijaandikwa popote. Amelijaza pengo kwa nia njema, na kijana angesaini akiamini ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

Vilevile kuna utata ambao sikuuondoa, kwa kuwa si wangu kuuondoa. Mpangaji akichelewa kutoa taarifa, mwenye nyumba anaondokewa na wajibu. Je, kazi inamrudia mpangaji? Mtu anaweza kusoma hivyo, na mwingine akakataa, akisema kipande cha "isipokuwa" kilishaitoa kazi hiyo mikononi mwa mpangaji moja kwa moja. Aidha, mwenye nyumba ameambiwa "yatafanywa na", lakini hakuna "kwa gharama zake mwenyewe" kama ile aliyowekewa mpangaji mwanzoni. Karibu kila mtu ataelewa kwamba analipa yeye. Hata hivyo toleo langu halisemi "analipa", kwa sababu kifungu hakikusema.

Kuhusu nguvu ya karatasi hii, nilimweleza wazi: kitakachomfunga ni mkataba watakaousaini wote wawili. Toleo letu ni miwani ya kusomea. Likitakiwa liwe na nguvu, lichukue nafasi ya kifungu cha saba kabla ya kusaini, au liambatishwe na kusainiwa na pande zote, pakiwa na mstari unaosema ni lipi litafuatwa yakitofautiana. Bila mstari huo utakuwa umezalisha mikataba miwili pale palipokuwa na mmoja mgumu.

Kijana aliondoka na maswali manne kwenye karatasi: matengenezo ya zaidi ya 50,000 yasiyo ya uchakavu ni ya nani, gharama iliyozidi nusu ya kodi inaenda wapi, "kodi inayofuata" ni ipi kwa anayelipa miezi sita, na ujumbe wa WhatsApp ni taarifa ya maandishi au la. Mama mwenye nyumba, maana kumbe nyumba ni ya mama, alijibu matatu papo hapo na kukubali yaandikwe kwa mkono pembeni, kila mmoja akitia sahihi mbele ya mjumbe. Kuhusu sinki alisema atamuuliza kwanza mwanawe aliye Mwanza. Kijana hakusaini siku hiyo.